Mwenyekiti wa bodi si bosi wa kampuni

Taarifa za uteuzi zinazotoka Ikulu zina mtindo unaofahamika: fulani ameteuliwa kuwa mwenyekiti wa bodi, na fulani mwingine kuwa mkurugenzi mtendaji. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 2021, Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, lilipopata mwenyekiti mpya na mkurugenzi mtendaji mpya kwa mkupuo mmoja. Mjadala unaofuata nao una mtindo wake. Shirika lolote likiyumba, wako wanaodai mwenyekiti ajiuzulu kwa kuwa ndiye mkubwa, wako wanaomtaka mtendaji aondoke, na wako wanaouliza bodi nzima inalipwa posho kwa kazi gani. Si maswali ya kipuuzi, kwa sababu hata ndani ya kampuni zenyewe mipaka ya watu hawa watatu huchanganywa, na uchanganyaji huo umekwisha kugharimu watu mabilioni.

Tuanze na mpangilio wenyewe. Kampuni ni mtu mbele ya sheria: inamiliki mali, inakopa, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Wanahisa wanamiliki hisa, na hisa huwapa mambo mawili makubwa, yaani sehemu ya faida na kura katika mkutano mkuu. Kwa kuwa wanahisa elfu kadhaa hawawezi kukaa kila wiki kujadili bei ya saruji au mshahara wa mhasibu, huchagua watu wachache wawakilishe maslahi ya kampuni, na hao ndio bodi ya wakurugenzi. Bodi haiendeshi shughuli za kila siku. Kazi yake ni kuajiri mtendaji mkuu, kupitisha mkakati na bajeti anayoipendekeza, kupima matokeo yake, na kumwondoa ikibidi. Mtendaji ndiye anayeendesha: anaajiri, ananunua, anauza, anasaini. Mwenyekiti anaongoza bodi, na hapo ndipo mamlaka yake yanapoishia. Nje ya kikao hana uwezo wa kumwagiza meneja wa tawi afanye jambo lolote. Ndani ya kikao ana kura moja kama wenzake, isipokuwa pale ambapo katiba ya kampuni inampa kura ya uamuzi kura zinapofungana.

Kwa hiyo mtendaji hawajibiki kwa mwenyekiti kama mtu. Anawajibika kwa bodi, ambayo mwenyekiti ni kiongozi wa vikao vyake. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini mwenyekiti anayempigia simu mkuu wa manunuzi kumuulizia zabuni fulani tayari ameivuka, hata kama nia yake ni njema.

Kwa nini basi kuwe na ngazi zote hizi? Jibu liko katika jambo ambalo kila mwenye daladala analijua. Mmiliki ana gari lakini haendeshi. Dereva anaendesha lakini gari si lake. Mmiliki akimlipa dereva mshahara wa mwezi na kutaka aletewe makusanyo yote, ataletewa pungufu, na gari litaegeshwa mapema jua likiwa kali, kwa kuwa safari ya ziada haimwongezei dereva chochote. Akibadili mtindo na kudai hesabu ya siku, tuseme shilingi 100,000, kinachozidi kiwe cha dereva, uvivu utaisha siku hiyo hiyo. Lakini sasa dereva atajaza abiria hadi mlangoni, atakimbiza gari kwenye mashimo, na sauti ya gia inayolalamika ataipuuza, kwa sababu makusanyo ya leo ni yake na gia ya mwezi ujao ni ya mmiliki. Mkataba wa pili umeondoa tatizo la kwanza na kuzaa jingine. Hakuna mkataba unaoondoa yote mawili, maana mmiliki hayumo ndani ya gari, na anachokijua kuhusu safari za siku ile ni kile anachosimuliwa na dereva mwenyewe.

Wataalamu huliita jambo hili tatizo la uwakala. Linahitaji viungo viwili tu: maslahi ya mwenye mali na ya wakala wake yasilingane kikamilifu, na wakala ajue zaidi ya mwenye mali kuhusu kinachoendelea. Wizi si lazima. Watu wengi hudhani kuwa mjadala huu unahusu mameneja wezi, na kwamba kampuni ikiajiri mtu mwadilifu, mjadala umekwisha. Lakini mtu mwadilifu kabisa bado ana hesabu zake. Chukua mtendaji anayemiliki asilimia 5 ya hisa za kampuni, anayefikiria kununua gari la ofisi la shilingi milioni 200 wakati la milioni 80 lingetosha. Tofauti ni milioni 120. Kwa upande wake kama mwanahisa, gari hilo linamgharimu asilimia 5 ya tofauti, yaani milioni 6; milioni 114 zilizobaki zinatoka kwa wanahisa wengine, ilhali raha ya kulipanda ni yake peke yake. Angekuwa na hisa zote, angelinunua la milioni 80 bila kuambiwa. Hesabu hiyo hiyo inaendesha maamuzi makubwa zaidi ya gari: kununua kampuni nyingine ili kuongoza kundi kubwa, kuahirisha kufunga kiwanda kinachopata hasara kwa sababu alikizindua yeye, au kukata bajeti ya matengenezo mwaka ambao bonasi yake imefungwa kwenye faida ya mwaka. Huo wa mwisho ni mkataba wa hesabu ya siku uliovaa suti.

Bodi ndiyo jibu la kale la tatizo hili: watu wachache, wenye sauti, wanaoangalia kwa niaba ya walio mbali. Ila bodi nayo ina udhaifu wa kuzaliwa nao. Bodi inayokutana mara nne kwa mwaka, saa nne kila kikao, imekaa saa 16. Mtendaji amekaa ofisini zaidi ya saa 2,000 katika kipindi hicho hicho, na makabrasha yote ambayo bodi inasoma yameandikwa na watu wake. Aliyewahi kuingia vikao vya namna hii anaujua waraka wenye machaguo matatu: la kwanza ni ghali kupita kiasi, la tatu ni hafifu kiasi cha kuchekesha, na la katikati ndilo ambalo menejimenti ililitaka tangu mwanzo. Bodi inajadili kwa dakika arobaini, inachagua la katikati, na inaondoka ikiamini imeamua. Makabrasha ya kurasa 300 yakifika usiku wa kuamkia kikao, hata hizo dakika arobaini ni za heshima tu.

Hapa ndipo mwenyekiti anapopata umuhimu wake wa kweli. Yeye, akisaidiana na katibu wa kampuni, hupanga ajenda. Yeye huamua kama suala la mikopo chechefu litajadiliwa saa tatu asubuhi vichwa vikiwa vyepesi au saa nane mchana ndege ikisubiri. Yeye anaweza kuurudisha waraka uliochelewa, kumtaka mjumbe aliyenyamaza atoe maoni yake, na kuitisha kikao cha wajumbe wasio watendaji peke yao, menejimenti ikiwa nje. Tathmini ya mtendaji na mapendekezo ya malipo yake hupita katika bodi anayoiongoza. Sasa weka kofia ya mwenyekiti na ya mtendaji kwenye kichwa kimoja: anayetakiwa kuhojiwa ndiye anayepanga maswali, anayagawia muda, na kufunga mjadala.

Uingereza ililiona hilo kwa machungu. Mwaka 1991, baada ya kifo cha tajiri wa magazeti Robert Maxwell, ilibainika kuwa mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamechotwa kutoka mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wa kampuni zake, ambamo neno lake halikupingwa. Kamati iliyoongozwa na Adrian Cadbury ilitoa ripoti yake Desemba 1992 ikitaka madaraka ya juu ya kampuni yagawanywe bayana, ili mtu mmoja asiwe na nguvu ya kuamua bila kizuizi. Wazo hilo likasambaa. Nchini Kenya, kanuni za utawala wa kampuni ambazo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliziweka mwaka 2015 zinataka mwenyekiti asiwe mtendaji, na angalau theluthi moja ya bodi iwe wajumbe huru, yaani watu wasio na ajira, biashara wala hisa za kutosha kuwafunga mdomo. Marekani haijakubali moja kwa moja. Jamie Dimon, kwa mfano, amekuwa mwenyekiti na mtendaji mkuu wa benki ya JPMorgan Chase kwa pamoja tangu mwisho wa mwaka 2006, na wanahisa wamekataa zaidi ya mara moja mapendekezo ya kutenganisha vyeo hivyo. Hoja ya watetezi wa kuunganisha ni kwamba kampuni inahitaji sauti moja. Mimi naona hoja hiyo inafaa zaidi mambo yakiwa mazuri, wakati ambapo usimamizi hauhitajiki sana.

Hata hivyo kutenganisha vyeo ni nusu ya kazi, na mara nyingi ni nusu rahisi. Ili bodi isimamie inahitaji mkono, yaani uwezo halisi wa kumwajiri na kumwondoa mtendaji, na inahitaji macho, yaani njia ya kujua mambo isiyopitia kwa mtendaji mwenyewe.

Kukosa mkono ni ugonjwa wa mashirika ya umma. Katika mashirika mengi ya Tanzania, Rais huteua mwenyekiti wa bodi na pia mkuu wa shirika, huku waziri akiteua wajumbe wengine. Kwenye karatasi mtendaji anaripoti kwa bodi. Lakini mtendaji anajua barua yake ya uteuzi ilisainiwa wapi, na bodi inajua hivyo pia, kwa hiyo bodi ikimkatalia jambo anaweza kuliona katazo hilo kama ushauri tu. Hata mwananchi, ambaye ndiye mwenye mali wa mwisho, hana hisa za kuuza akichukizwa. Katika kampuni ya kawaida, sheria za Tanzania na Kenya zinawapa wanahisa uwezo wa kumwondoa mkurugenzi wa bodi kwa azimio la kawaida, yaani kwa wingi wa kura tu, hata kabla muda wake haujaisha. Kitisho hicho hakitumiki sana, lakini kila mjumbe anajua kipo.

Kukosa macho kunahitaji mfano mrefu zaidi, na hapa Afrika Mashariki upo mmoja ambao haujachakaa. Imperial Bank ilikuwa benki ya ukubwa wa kati jijini Nairobi, iliyosifiwa kwa faida nzuri na huduma ya karibu. Ilikuwa na bodi, ilikuwa na mwenyekiti ambaye si mtendaji, na ilikuwa na wakaguzi wa nje. Mkurugenzi mtendaji wake, Abdulmalek Janmohamed, alikuwa ameiongoza kwa miaka mingi. Mwaka 2015 benki iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 2 za Kenya kwa umma, kwa kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mtendaji huyo akafariki ghafla mwezi Septemba. Ndani ya wiki chache, bodi ikaieleza Benki Kuu ya Kenya kuwa imegundua miamala isiyo halali ya kiwango cha kutisha, na tarehe 13 Oktoba 2015, siku ambayo hatifungani zilitarajiwa kuanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, Benki Kuu iliiweka benki chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeishika badala ya bodi. Hasara iliyotajwa katika kesi zilizofuata ni takriban shilingi bilioni 34 za Kenya, na inadaiwa kuwa mchezo ulidumu zaidi ya miaka kumi.

Madai yaliyowasilishwa, ambayo wahusika wameendelea kuyabishania mahakamani, yana sura rahisi kuielewa. Fedha zilitolewa kwa kundi dogo la wateja bila kupitia kwa kamati iliyopaswa kuidhinisha mikopo, na kumbukumbu za matoleo hayo ziliwekwa pembeni, ili vitabu vilivyofika mezani kwa bodi, kwa wakaguzi na kwa msimamizi wa mabenki vionyeshe benki yenye afya. Wajumbe wa bodi walisema hawakujua. Upande wa pili ulisema walipaswa kujua, na kwamba gawio walilolipokea lilitokana na faida isiyokuwepo. Nao wanahisa wakageuka na kuuliza Benki Kuu ilikuwa ikikagua nini miaka yote hiyo. Sina haja ya kuhukumu nani kati yao ni mkweli ili kuona funzo la mpangilio: kila hati iliyokuwa mbele ya bodi ilikuwa imepita mkono mmoja kwanza. Mwenyekiti na mtendaji walikuwa watu wawili, vyeo vilikuwa viwili, lakini bomba la habari lilikuwa moja, na mtendaji ndiye aliyeshika koki.

Macho huru yanajengwaje? Kiungo cha kwanza ni mkaguzi wa ndani. Huyu ni mwajiriwa wa kampuni, lakini ripoti yake inapaswa kwenda kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, na kamati hiyo ndiyo iidhinishe kuajiriwa kwake, mshahara wake na kuondolewa kwake. Mkaguzi wa ndani ambaye likizo yake, bonasi yake na gari lake vinasainiwa na mtendaji atajifunza upesi mafaili yapi hayafunguliwi. Dalili nzuri ni kamati kukutana naye faragha, bila mtendaji wala mkuu wa fedha chumbani.

Mkaguzi wa nje ni kiungo cha pili, na ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote. Wasomaji wengi huamini kuwa hesabu zikipata hati safi, basi hakuna wizi. Hati safi haisemi hivyo. Mkaguzi huchukua sampuli ya miamala na kutoa maoni kwamba taarifa za fedha, kwa ujumla wake, zinaonyesha hali halisi bila makosa makubwa. Muamala uliofichwa nje ya vitabu, na kulindwa kwa hati za kughushi na watu kadhaa walioshirikiana, unaweza kumpita mkaguzi makini. Ndiyo maana benki huthamini kanuni ndogo ambayo wengi huiona kama hisani kwa mfanyakazi: likizo ya lazima ya siku nyingi mfululizo, kwa kawaida wiki mbili, ambapo mhusika haruhusiwi kugusa mfumo. Udanganyifu wa kuhamisha madeni kutoka akaunti moja hadi nyingine kila mwisho wa mwezi unahitaji mkono wa kila mara. Mwenye mkono akikaa nyumbani siku kumi na nne, namba zinaanza kusema. Kwa Imperial Bank, ni kifo kilichofanya kazi ambayo ingepaswa kufanywa na likizo.

Kiungo cha tatu ni watumishi wa kawaida. Yaliyotokea Imperial yasingewezekana bila makarani na maofisa walioingiza miamala hiyo kwenye kompyuta, na habari zilianza kutoka kwa watu wa ndani mara tu mkubwa wao alipokuwa hayupo. Bodi yenye njia ya siri ya kupokea taarifa, inayofika kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi bila kupitia ofisi ya mtendaji, ingeweza kuzisikia mapema. Njia hiyo ikiishia kwenye dawati la meneja rasilimali watu, haina tofauti na kutokuwepo.

Mwanahisa mdogo hawezi kuingia kwenye vikao hivi, ila taarifa ya mwaka ya kampuni iliyoorodheshwa sokoni humwachia nyayo kadhaa. Sehemu ya bodi kwa kawaida huonyesha kila mjumbe alihudhuria vikao vingapi kati ya vilivyofanyika. Mjumbe huru aliyehudhuria kimoja kati ya vinne ni pambo. Angalia wajumbe wanaoitwa huru wamekaa muda gani na walikuwa wapi kabla, maana mtendaji mstaafu aliyegeuzwa mwenyekiti wa kampuni ile ile atakuwa anasimamia maamuzi yake mwenyewe ya jana. Kisha nenda nyuma, kwenye maelezo ya hesabu ambayo watu wengi huyaruka, utafute kipengele cha miamala na watu wenye uhusiano na kampuni. Humo ndimo huandikwa mikopo kwa wakurugenzi, ununuzi kutoka kampuni za jamaa zao na pango la majengo yao. Kiasi hicho kikipanda mwaka hadi mwaka kwa kasi inayozidi ile ya biashara yenyewe, au hesabu za mwaka uliopita zikirekebishwa hapo bila maelezo ya kuridhisha, una swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu. Lielekeze kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi kwa cheo chake, na kama anayenyanyuka kulijibu ni mtendaji, zingatia hilo pia.